Anti, mume wangu anasema nisaini tu, mimi nimeganda ukurasa wa nne

Shikamoo Anti. Usinitaje jina maana mume wangu na yeye anakusoma. Nina miaka 38, tuko Dar, tumepanga Mbezi mwaka wa tisa huu. Tumepata nyumba Bunju, vyumba vitatu, ina hati, mwenyewe anataka milioni 120. Benki wametupa barua ya ofa wiki iliyopita: mkopo milioni 96, kianzio asilimia 20 yani milioni 24, miaka 20, riba asilimia 15 kwa mwaka ya salio linalopungua, rejesho 1,291,771 kila mwezi. Siku za kusaini 14, zimebaki 8.

Mume wangu kaangalia rejesho tu akasema tunaliweza. Mimi nimeisoma yote na kamusi pembeni maana ni Kiingereza kitupu. Kianzio hela ipo, milioni 6 za kikoba changu, 8 kanipa mama mzazi kauza shamba, 10 za mume wangu. Mwenye nyumba anataka milioni 10 Ijumaa hii la sivyo anampa mtu mwingine.

Bima, wanasema lazima bima ya maisha ya mkopaji wa kwanza, ambaye ni mume wangu, mimi ni wa pili ila mshahara wangu wameuhesabu. Na bima ya moto. Fomu ya bima alijaza ofisa mikopo, maswali ya afya akaweka "hapana" kote ili isichelewe, na mume wangu ana sukari mwaka wa nne sasa anakunywa dawa.

Kinachoninyima usingizi ni ukurasa wa nne. Tukilipa mapema, yote au sehemu, ndani ya miaka 5 ya mwanzo, penati asilimia 3 ya kiasi tunacholipa. Tukihamishia mkopo benki nyingine asilimia 5 ya salio. Na sisi tuna kiwanja Kibaha tunategemea kukiuza baada ya miaka miwili, tupate kama milioni 30 tupunguze deni. Yani unapigwa faini kwa kulipa deni? Nimesema sisaini mpaka waitoe hiyo penati. Mume wangu anasema naogopa makaratasi, barua za benki zote ziko hivyo, na nyumba ikituponyoka lawama ni zangu. Tumenuniana siku ya nne leo. Nifanyeje Anti?

Mama wa Wawili, Dar es Salaam

*

Marahaba mdogo wangu. Pole na kununiana, nyumba ya kupanga vyumba viwili haina pa kununia vizuri, nakujua.

Kabla sijaanza kuandika huku nilikaa dawati la mikopo miaka kumi na moja, kwa hiyo barua kama yako nimezichapa na kuzisainisha nyingi sana, na nakwambia ukweli wengi walikuwa wanasoma kama mume wako, namba moja tu, basi. Wewe umefika ukurasa wa nne. Sasa tuisome pamoja, ila usinichukie maana nitaanza na hiyo namba ya shemeji.

Nimepiga hesabu ya rejesho lenu na halikukaa. Ukiwa na simu au ukienda stesheneri yoyote yenye kompyuta, fungua Excel uandike hivi:

```
=PMT(15%/12,240,-96000000)
```

Itakupa 1,264,118. Barua yenu inasema 1,291,771. Tofauti ni 27,653 kila mwezi. Ndogo, haiumi, ndo maana hakuna aliyeiona. Lakini ukiirudisha nyuma kwa riba hiyohiyo na miaka hiyohiyo inatoka mkopo wa milioni 98.1, yani kuna milioni 2.1 imeongezwa juu ya milioni 96 zenu. Rudi kwenye barua utafute, mara nyingi inakaa kwenye aya ya bima, utakuta sentensi moja fupi inasema ada ya bima ya maisha inalipwa mara moja na inaingizwa kwenye mkopo. Kama ndo hivyo basi hiyo bima ya milioni 2.1 mnaikopea kwa miaka 20, na 27,653 mara miezi 240 ni milioni 6.6. Ukikuta siyo bima ni kitu kingine, ada ya mkopo labda, swali linabaki lilelile: inawezekana tukaitoa mfukoni tukalipa pembeni? Benki nyingi hawakatai, ila hawakuulizi.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Nataka uone kwamba kwenye barua ya mkopo kitu kinachotisha na kitu kinachokula hela siyo lazima kiwe kimoja.

Twende sasa kwenye penati yako.

Milioni 30 za Kibaha, asilimia 3 ni laki tisa. Inauma, laki tisa ni ada ya shule ya mtoto. Lakini iweke kwenye mzani na riba. Milioni 30 zikiwa bado ziko kwenye deni zinazaa riba ya asilimia 1.25 kwa mwezi, ambayo ni 375,000. Kila mwezi. Kwa hiyo penati yote ni riba ya miezi miwili na nusu, haifiki. Mkisema basi tusubiri miaka mitano iishe ndo tulipe bila penati, hapo mmesubiri miaka mitatu zaidi na milioni 30 hizo zimeshakula riba zaidi ya milioni 13 kukwepa laki tisa. Nimeona watu wanafanya hivyo mdogo wangu, tena watu wa hesabu kabisa, kwa sababu neno penati linachoma kuliko neno riba.

Sisemi penati ni nzuri. Iombee ipungue, nitakwambia namna. Nachosema ni kwamba ukurasa huohuo wa nne inabidi pawe na sentensi nyingine ambayo wewe hujaitaja kwenye barua yako, na mimi nina wasiwasi haipo kabisa. Mkishaingiza hizo milioni 30, benki inafanya nini na rejesho lenu?

Kuna njia mbili. Ya kwanza rejesho linabaki palepale 1,264,118 (nachukulia bima mmeilipa pembeni), deni linaisha mapema. Ya pili muda unabaki uleule, rejesho linashuka. Sikia tofauti. Baada ya miaka miwili mtakuwa mmelipa kama milioni 30.3 za marejesho. Salio litakuwa limeshuka kutoka 96 mpaka wapi? Milioni 94.2. Usishtuke, hajakuibia mtu, rejesho la kwanza kabisa lina riba 1,200,000 na deni lenyewe linapungua 64,118 tu, miaka ya mwanzo ndo iko hivyo. Mkiingiza 30, salio linakuwa milioni 64.2. Mkiendelea kulipa rejesho lilelile, deni linaisha ndani ya miezi 82, miaka saba hivi kasoro. Mkiruhusu benki ishushe rejesho, mtalipa kama 861,600 kwa mwezi, mtafurahi, mtanunua na sofa, halafu mtalipa hivyo kwa miaka 18 iliyobaki. Njia ya kwanza tangu hapo jumla mtatoa kama milioni 103. Ya pili milioni 186. Hela ileile, kiwanja kilekile, riba ileile. Tofauti ni zaidi ya milioni 80, na yote imekaa kwenye sentensi moja ambayo labda haijaandikwa.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa mfanyakazi wa benki, nakopa benki nyingine, najifanya najua. Nikapata hela ya malimbikizo nikaipeleka yote kupunguza deni la nyumba, mwezi uliofuata naona makato yameshuka, nikacheka mwenyewe kwenye daladala. Ilipita miaka miwili ndo nikaomba taarifa ya mkopo nikakuta tarehe ya kumaliza ni ileile ya zamani. Nilipouliza, wakaniambia mfumo ndo unafanya hivyo wenyewe kama mteja hajaandika maelekezo. Walikuwa sahihi, sikuandika.

Kwa hiyo ukienda benki nenda na maswali ya kipengele hicho na uombe majibu kwa maandishi. Malipo ya sehemu yanaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka na kiwango cha chini ni shilingi ngapi, maana zipo barua zinasema usilete chini ya kiasi fulani. Notisi ni siku ngapi. Mkilipa, nani anachagua kati ya kupunguza muda na kupunguza rejesho, nyie au wao. Halafu penati yenyewe, badala ya kusema itoeni au sisaini, jaribu kuomba vitu vidogo ambavyo meneja anaweza kuvipeleka juu bila kuonekana kichaa: malipo ya sehemu mara moja kwa mwaka bila penati, au penati iishe mwaka wa tatu badala ya tano. Na moja ambayo watu huwa hawaifikirii, barua yenu ikisema benki inaweza kubadili riba kwa notisi, na nyingi zinasema hivyo, omba kwamba wao wakipandisha riba nyie muweze kulipa au kuhama bila penati. Ile asilimia 5 ya kuhama ndo ya kuogopa zaidi kuliko hiyo 3, kwenye salio la milioni 94 ni milioni 4.7, hapo mmefungwa mguu kweli, wakipandisha riba hamna pa kukimbilia.

Mkikubaliana, isiwe meseji ya WhatsApp ya ofisa wala "usijali dada hiyo haitumikagi". Inatakiwa barua ya nyongeza yenye saini ya benki, au ofa mpya. Ofisa atahamishwa kesho kwenda Tunduru, barua itabaki.

Na umwonyeshe wakili hicho kipengele, wakili wenu, siyo yule wa benki anayeandaa rehani, hata kama mtamlipa kidogo. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inakupa haki ya kulipa deni lote na rehani ikaondolewa kabla ya muda, na masharti yanayojaribu kukunyima haki hiyo hayasimami. Kama penati ya asilimia 3 inafika huko au haifiki hilo ni la wakili akiwa na karatasi mkononi.

Ila mdogo wangu, niruhusu nikuulize kuhusu Kibaha. Nyie wawili mnagombana kuhusu penati ya hela ambayo haipo. Kiwanja kina hati au kina mkataba wa serikali ya mtaa? Nani kasema milioni 30, dalali au mnunuzi aliyekuja na hela? Miaka miwili mnasubiri nini, bei ipande? Kama kinaweza kuuzika sasa hivi, hata kwa 27, hiyo hela ikiingia kabla ya kusaini inakuwa sehemu ya kianzio, mkopo unashuka karibu na milioni 69, na penati haihusiki kabisa maana hujalipa mapema, umekopa kidogo. Hatari yake naijua, mtu anayeuza kwa haraka anauza kwa hasara, na siku 8 haziuzi kiwanja. Mnaweza kuomba benki iongeze muda wa ofa, huwa inawezekana, lakini mwenye nyumba ya Bunju anaweza asisubiri. Sasa mkiangalia bei ya kiwanja inatakiwa ipande kwa kiasi gani kushinda riba ya asilimia 15, mtajua wenyewe kama kusubiri kuna maana. Mimi sijui bei za mtaa wenu wa Kibaha.

Kianzio. Umeandika "hela ipo" na hesabu yako inafika 24 kamili, haibaki hata mia. Kuna ada ya mkopo, mthamini, wakili, ushuru wa stempu, ada ya kuhamisha hati, bima ya moto ya mwaka wa kwanza. Hizi zinatoka wapi? Ziorodheshe kutoka kwenye barua ujumlishe kabla ya kusema hela ipo.

Cha pili, angalia asilimia 80 ni ya nini. Barua nyingi zinasema ya bei ya kununua au ya thamani ya mthamini, ile iliyo ndogo. Je mthamini wa benki ameshakwenda Bunju? Kama bado, ofa yenu ina sharti na milioni 96 siyo ahadi. Akirudi na 110, mkopo unakuwa 88, na mwenye nyumba bado anataka 120 zake, kwa hiyo kianzio kimekuwa milioni 32 ghafla. Hapo ndo naiogopa hiyo milioni 10 ya Ijumaa kuliko kitu chochote kwenye barua yako, na humo ndani kuna za mama. Kama mnampa, mpeni kwa mkataba unaosema mkopo usipotoka, au thamani ikishuka chini ya bei, hela inarudi yote na kwa tarehe fulani, na kabla ya hapo mtu aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati aone kama haina rehani ya mtu mwingine au zuio. Akikataa kusaini hivyo anaweza kuwa na sababu zake, ila na nyie mtakuwa mmejifunza kitu kumhusu. Kama anakubali hela ikae kwa wakili mpaka mthamini aseme, hiyo ni njia nyingine.

Muda sitakaa sana. Miaka 20 kwa milioni 96 ni 1,264,118, miaka 15 ni 1,343,604. Elfu themanini kasoro kidogo kwa mwezi. Jumla ya marejesho inatoka milioni 303 inakuja 242. Najua utasema basi tuchukue 15. Inawezekana. Lakini rejesho la miaka 15 ni lazima kila mwezi, hata mwezi mtoto kalazwa, na la miaka 20 mnaweza kuliongezea wenyewe mkiwa nazo, IKIWA tu kile kipengele cha malipo ya sehemu kinawaruhusu kuongeza vihela vidogo bila penati na muda unapungua. Unaona kinavyorudi palepale. Ukijibiwa vizuri kuhusu ukurasa wa nne, 20 inaweza kuwa salama zaidi, ukijibiwa vibaya 15 inaanza kuwa na akili. Angalia pia umri wa shemeji, hujaniambia, mkopo usimpite kustaafu.

Sasa bima, na hapa naomba ukae chini.

Bima ya maisha ya mkopo maana yake mkopaji akifa au akipata ulemavu wa kudumu, kampuni ya bima inalipa salio benki, nyumba inabaki kwa familia. Kampuni inakubali hiyo hatari kwa kuamini majibu ya ile fomu. Pale mwisho wa fomu pana mstari unasema majibu yote ni ya kweli, na saini iliyopo pale ni ya mume wako, siyo ya ofisa. Siku ya dai, Mungu aepushe, kitu cha kwanza wanachoomba ni faili la hospitali. Watakuta sukari, watakuta tarehe aliyoanza dawa, watakuta fomu inasema hapana. Hapo wanaweza kukataa kulipa hata kama kilichomuua ni ajali ya bodaboda. Benki haitasamehe deni kwa sababu ofisa wake alikuwa na haraka. Wewe utabaki na mkopo wa milioni tisini na kitu, mshahara mmoja, na wanao wawili kwenye nyumba inayotangazwa mnada. Na ada ya bima mtakuwa mmeilipa yote miaka yote.

Kusema ukweli hakumaanishi bima inakataliwa. Mara nyingi wanamtuma akapime, wanaangalia sukari imetulia kiasi gani, halafu wanapandisha ada kidogo, au wanakubali kwa masharti. Wakati mwingine wanakataa, na hiyo ndo hatari ya kusahihisha fomu, inaweza kuchelewesha ofa au kuivunja. Sitakuficha hilo. Ila heri mjue leo.

Halafu kuna wewe. Mshahara wako umehesabiwa kwenye kulipa lakini maisha yako hayajawekewa bima. Ukitangulia wewe, shemeji anabaki na rejesho zima kwa mshahara wake peke yake. Uliza ada inakuwaje mkiwekwa wote wawili. Uliza pia mkimaliza deni mwaka wa tisa, ile ada iliyolipwa kwa miaka 20 inarudi sehemu au ndo imekwenda.

Ya moto ni nyepesi, jambo moja tu. Kinachoungua ni jengo, kiwanja hakiungui. Kwa hiyo thamani ya bima iwe gharama ya kulijenga tena, siyo milioni 120 ya kununulia, mtalipa ada ya bure. Na isiwe ndogo kupita kiasi pia: kama kulijenga ni milioni 80 mkaweka 40, jiko likiungua hasara ya milioni 20 wanaweza kuwalipa 10 wakasema mlijikatia nusu. Uliza kama mafuriko yamo, maana kwenye bima nyingi za moto yanaongezwa pembeni, na nenda mtaa huo siku imenyesha uone maji yanapita wapi. Na mkisahau kuilipia kila mwaka, soma kama benki wanaikata wenyewe kwenye akaunti yenu, kwa kampuni na bei wanayotaka wao.

Kuhusu mume wako. Sidhani kama anakudharau, nadhani anaogopa kurudi kwa mwenye nyumba wa Mbezi mwaka wa kumi. Na wewe sidhani kama unaogopa makaratasi, unaogopa hela za mama yako. Hakuna kati yenu aliyesema hivyo kwa sauti, mnasema penati. Labda usiku mmoja watoto wakilala, usianze na ukurasa wa nne, mwonyeshe zile miezi 82 na ile miaka 18 kwenye simu, muulize yeye angependa ipi. Akiweka mwenyewe kwenye Excel hii NPER, inayohesabu deni linaisha baada ya miezi mingapi, itamuingia kuliko ukimwambia wewe:

```
=NPER(15%/12,-1264118,64218000)
```

Itatoka 81 na pointi, huo wa 82 ni kipande tu. Mwambie pia kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, hata asingekuwa amekuweka kama mkopaji wa pili saini yako ingehitajika, kwa hiyo benki yenyewe inakutegemea uelewe unachosaini. Siyo kwa kumtisha.

Kama mtaamua kusaini hivyohivyo ilivyo, watu wengi wamesaini za namna hiyo na wanaishi kwenye nyumba zao. Kama mtaiacha, nyumba Bunju zipo. Katikati kuna wiki nzima ya kuuliza, na hayo yote hayahitaji siku 8, yanahitaji asubuhi mbili benki na moja kwa wakili.

Ila moja halisubiri hata hiyo wiki. Kesho asubuhi shemeji ampigie ofisa aulize ile fomu ya bima imeshatumwa au bado iko mezani, aombe nyingine tupu, na kadi yake ya kliniki aibebe.